Kulalia kushoto mimba ya miezi saba

"Nina wiki 30, nimeamka saa tisa usiku nimelala chali, je mtoto kadhurika?"

Hapana, geuka tu ulalie ubavu uendelee kulala. Mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo kutoka miguuni umepita kulia kwa uti wa mgongo, sasa ukilala chali mji wa mimba pamoja na mtoto na maji yake vinaukalia, damu inayorudi inapungua, presha inashuka, ndo unasikia kizunguzungu, jasho jembamba na kichefuchefu, na ukigeuka ubavu dakika chache tu inaisha. Mara nyingi mwili wenyewe ndo unakuamsha. Kushoto wanapendekeza kwa sababu tumbo linaegemea mbali na huo mshipa. Mi ni mkunga, wodini hata mama akiwa lazima alale chali tunamwekea mto chini ya kiuno cha kulia ainame kidogo.

— Kwahiyo kulia ni marufuku kabisa, unaukandamiza moja kwa moja?

Hapana, hapo mnazidisha. Kulia si sawa na chali, tafiti za karibuni hazijaona tofauti kubwa kati ya pande mbili, linalokatazwa ni kuanza usingizi chali kuanzia wiki 28.

— Mi kushoto nyonga inauma mpaka nalia 😩

Badilisha upande, weka mto katikati ya magoti. Ila mtoto akipunguza kucheza usihangaike na mito, nenda hospitali siku hiyohiyo.