Kokteli yangu ya Manhattan inatoka na utamu mzito, nibadilishe wiski?

"Napima sawasawa, wiski ya rai nzuri, vermuthi nyekundu, bita, cheri. Bado Manhattan inatoka na utamu mzito kama sharubati, halafu mwishoni kuna kauchachu. Chupa ya vermuthi ipo kabatini tangu mwaka jana. Nibadilishe wiski?"

Mkuu, wiski iache. Tatizo ni hiyo chupa ya kabatini.

Watu wengi huichukulia vermuthi kama pombe kali inayokaa miaka. Ile ni divai. Kwa sheria za Umoja wa Ulaya, angalau asilimia 75 yake lazima iwe divai, kisha huongezewa pombe kidogo, sukari na viungo kama pakanga na maganda ya machungwa. Chupa nyingi zina kilevi cha asilimia 15 hadi 18 tu, na hicho hakitoshi kuilinda hewa ikishaingia. Harufu za mitishamba hupungua, divai huanza kuchacha, lakini sukari haiendi popote. Sheria hizo hizo zinaitaka vermuthi tamu iwe na sukari isiyopungua gramu 130 kwa lita, kwa hiyo ml 30 zako zina karibu gramu 4, kama kijiko kimoja cha chai. Vermuthi ikiwa nzima, uchungu na viungo huubana utamu huo. Ikishachoka, sukari inabaki peke yake na ndiyo unayoionja, pamoja na huo uchachu.

Jipime hivi. Mimina kijiko kimoja cha hiyo ya zamani kwenye glasi, na kimoja cha chupa mpya ya aina ileile kwenye glasi nyingine, zote zikiwa baridi. Nusa kwanza. Mpya itakupa viungo na machungwa, na uchungu kidogo ukimeza. Iliyochoka hunuka kama zabibu kavu au tofaa lililokatwa likaachwa, na wakati mwingine siki. Ukiona hivyo, usijaribu kuiokoa kwa kuongeza bita, maana bita haiondoi uchachu. Kuanzia sasa nunua chupa ndogo, kama ipo ya ml 375 chukua hiyo. Ikishafunguliwa iingie friji ikiwa imefungwa vizuri, na uimalize ndani ya mwezi mmoja, mwezi na nusu hivi.

Aina nayo huamua kinywaji kitakuwaje, na hapa ndipo wengi wanapokosea hata wakiwa na chupa mpya. Carpano Antica Formula ni nzito na ina vanila nyingi. Inahitaji rai yenye nguvu, na mimi ningeipunguza hadi ml 25. Dolin Rouge ni nyepesi, inakaa vizuri na wiski laini ambayo ingefunikwa na Carpano. Punt e Mes ina uchungu wa wazi, kwa hiyo bita ipungue. Cocchi Vermouth di Torino iko katikati, ndiyo ningekushauri uanze nayo kwa rai uliyonayo.

Vipimo: rai ml 60, vermuthi ml 30, bita ya Angostura mitikiso miwili ya chupa. Weka kwenye glasi ya kuchanganyia, jaza barafu kubwa na kavu, koroga taratibu kwa sekunde 25 hadi 30. Usitikise kwenye sheka, kinywaji kitajaa vipovu na kuwa na ukungu. Barafu yenye majimaji nayo hukizimua kinywaji kabla hakijapata baridi. Chuja kwenye glasi iliyokaa friza.

Angostura inaleta karafuu na mdalasini, na hiyo ndiyo inayounganisha rai na vermuthi. Ukitaka wepesi, mtikiso mmoja uwe wa bita ya machungwa. Usibadilishe yote miwili, maana kinywaji kitakosa kiini.

Cheri nayo inaweza kuwa inakuongezea tatizo bila wewe kujua. Zile nyekundu zinazong'aa zina sukari nyingi na hazina ladha ya maana. Tumia zile nyeusi za Luxardo, lakini sharubati yake ni nzito, na ikidondoka huzama chini, ukamalizia glasi kwa utamu mtupu. Itoe kwa uma, iache ichuruzike, ipanguse kidogo, kisha iweke. Ukitumia vermuthi nzito kama Carpano, acha cheri kabisa. Badala yake kata ukanda wa ganda la chungwa wa sentimita 2 kwa 4, bila nyama nyeupe maana ina uchungu mbaya. Geuza upande wa nje uangalie kinywaji, libinye juu ya glasi mpaka uone vitone vya mafuta vikitanda juu yake, kisha lipake kwenye ukingo wa glasi.