Barua kwa mwanangu: kabla hujapandisha meinswichi

"Baba, cheti nimekipata, leo ndiyo nimekishika mkononi. Na kazi ya kwanza imeshakuja: jirani yake mama mdogo anataka nimfanyie wairingi ya nyumba ya vyumba vitatu. Kule karakana msimamizi ndiye alikuwa anakuja kupima mwishoni, mimi naambiwa nikae pembeni. Sasa nikimaliza kuunga, nitajuaje kama ni salama kabla sijawasha?"

Mwanangu,

Hongera sana, mama. Picha ya cheti imefika, na mama yako amekwisha kuionyesha nusu ya mtaa, akiwemo mzee wa duka ambaye hata miwani hakuvaa. Mimi nilikaa nacho peke yangu baadaye, nikasoma jina lako mara mbili. Wakati wetu ilikuwa tredi testi, Gredi ya Tatu kwanza, na mimi nilirudia. Wewe umepita mara moja, tena umetoka na miezi ya uanagenzi ndani ya karakana, vumbi la kuchimbia bomba ukutani umelimeza.

Kabla ya kupima, neno moja la karatasi. Cheti cha chuo kinasema unaijua kazi. Kuchukua kazi kwa jina lako ni leseni ya EWURA, na TANESCO hawataunga nyumba ambayo fomu yake haikusainiwa na mwenye leseni. Kwa hiyo hiyo nyumba ifanye chini ya mkandarasi wako wa uanagenzi, naye asaini. Usione aibu kumwambia mwenye nyumba.

Sasa kupima. Sehemu kubwa inafanyika nyumba ikiwa imekufa kabisa, umeme haujaingia. Anza na ethi. Simamisha mita kwenye omu, vuta waya mrefu kutoka baa ya ethi ya kwenye boksi, uguse tundu la ethi la kila soketi, moja baada ya nyingine. Waya wa shaba wa 2.5 una omu 0.0074 hivi kwa kila mita, kwa hiyo soketi iliyo mita 20 kutoka kwenye boksi inapaswa kusoma kama 0.15. Huo waya mrefu wa kupimia nao una omu zake, upime kwanza peke yake uzitoe. Ukikuta soketi moja inasoma omu 3 wakati wenzake wako chini ya moja, usiseme "bado ni ndogo". Kuna skrubu haijakazwa, au waya umekatika nyuzi ukabaki na mbili.

Halafu mega, kuona kama mpira wa waya unazuia umeme usivuje. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipoaibika.

Ilikuwa Dodoma, nyumba ya vyumba vinne. Nilipima laivu na nyutro, nikapima laivu na ethi, zote safi. Nyutro na ethi sikupima. Nilijiambia nyutro haina moto, itadhuru nini? Tukawasha, taa zote zikawaka, RCD imetulia, tukanywa chai. Jioni mwenye nyumba akachomeka pasi, pat! Giza. Akachomoa, akapandisha, taa zikawaka. Akachomeka tena, pat! Nikaambiwa pasi ni mbovu. Ikaletwa pasi ya jirani, ikawa vilevile. Nikabadilisha RCD kwa hela yangu, nayo ikakata.

Kumbe skrubu ya kifuniko cha soketi moja ya jikoni ilikuwa imetoboa waya wa nyutro ikaubana kwenye boksi la chuma. RCD kazi yake ni kulinganisha: umeme uliotoka kwa laivu urudi wote kwa nyutro. Ukipungua kwa miliampia 30 inakata, hata kabla ya hapo. Taa ya wati 5 inavuta miliampia 22 tu, kwa hiyo hata sehemu yake ikipotelea kwenye ethi, RCD haisikii. Pasi ya wati 2000 inavuta karibu ampia 9, na sehemu ndogo tu ya hizo ikipita kwenye ethi badala ya nyutro, inakata. Ndiyo maana taa ziliwaka, nami nikadanganyika.

Na kuna kilichonipotezea siku nzima. Nilikuwa nazima breka moja moja nikitafuta saketi mbovu, na kila nilipozima ile ya jikoni, pasi iliyochomekwa sebuleni bado ilikata. Breka ya kawaida inazima laivu peke yake. Nyutro zote zinabaki zimeshikana kwenye baa, na ubovu wa jikoni unaendelea kula umeme wa sebuleni. Dawa yake: zima meinswichi, toa nyutro zote kwenye baa, pima kila moja na ethi kwa mega. Moja itasoma sifuri. Ukishaijua saketi, nenda soketi ya katikati, tenganisha, pima pande mbili, na uendelee kugawa nusu kwa nusu mpaka uifikie.

Kwa hiyo wewe pima zote tatu: laivu na nyutro, laivu na ethi, nyutro na ethi, kwa volti 500. Toa balbu zote, chomoa kila kitu, na swichi za taa ziwe zimewashwa, la sivyo waya wa kutoka swichi kwenda kwenye holda ya balbu hautapimwa. Balbu moja ukiisahau, laivu na nyutro zitasoma chini na utatafuta ubovu usiokuwepo. Kiwango cha chini ni megaomu 1, lakini nyumba mpya ikisoma 1.2 mimi siondoki. Waya mpya mkavu husoma mamia. Hiyo 1.2 ni maji kwenye bomba, au msumari wa fundi wa dari.

Angalia pia swichi zinakata laivu. Ikikata nyutro, taa itazimika vizuri tu, na anayebadilisha balbu ndiye atakayeshika moto.

Mwisho kile kitufe cha T kwenye RCD. Mafundi wengi wakikibonyeza kikakata, wanamwambia mwenye nyumba ethi iko vizuri. Si kweli. Kitufe kinajaribu kifaa chenyewe tu, kwa kupitisha umeme kidogo ndani yake. Nyumba isiyo na nondo ya ethi kabisa, kitufe kitakata vilevile. Ethi inapimwa kwa kifaa chake, ambacho mkandarasi wako anacho. Ikizidi omu 200 ongeza nondo, na ukipima wakati wa masika kumbuka kuwa udongo ule ukikauka namba itapanda.

Mega yangu ya kusokota nimeifunga kwenye khanga ya mama yako, itafika na basi la kesho. Kabla ya kuitumia gusanisha ncha zake usokote, mshale uende sifuri. Zitenganishe, uende mwisho kabisa upande wa pili. Isokote kwa mwendo mmoja mpaka usikie mkono unateleza, usome wakati bado unasokota. Mkanda wa kubebea umekatika, nimeushona kwa uzi wa viatu.

Baba yako