Kadi za harusi kwa programu iliyokrekiwa, filamu kwenye flashi: je, ninalisha familia haramu?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Nina kibanda cha steshenari Mbagala. Natengeneza kadi za harusi kwa Photoshop iliyokrekiwa, na jioni nawajazia watu filamu kwenye flashi, shilingi 500 kila moja. Leseni inalipiwa kwa dola kila mwezi, siiwezi. Nimeambiwa nakala si wizi kwa kuwa mwenyewe anabaki na chake, na isitoshe makampuni ni ya makafiri. Nina mke na watoto wawili. Je, ninachowalisha ni haramu?

JIBU: Wa alaykumussalaam warahmatullahi wabarakatuh. Mwanangu, aliyekuambia hayo amekuacha mahali pabaya, na maneno yake nayasikia sasa hata kwa vijana wa madrasa.

Anasema mwenyewe anabaki na chake. Kwamba huu si ule wizi wa kukatwa mkono, ni kweli. Lakini haki ya mtu haivunjwi kwa kumnyang'anya kitu peke yake. Ukiingia nyumba ya mtu aliyesafiri, ukakaa miezi sita, kisha ukamwachia funguo bila hata kikombe kupungua, kwa madhehebu yetu ya Shafi unadaiwa kodi ya miezi sita. Umekula manufaa, na manufaa ni mali. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1988, lilikata kwamba haki za utunzi na ubunifu zina thamani ya mali na haifai kuzivamia. Sheria ya nchi yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 nayo inazilinda.

Ama hoja ya makafiri, hiyo inanikasirisha. Al-Mughira bin Shu'ba aliwaua washirikina aliofuatana nao safarini, akachukua mali zao, kisha akaja kusilimu. Mtume (s.a.w.) akamwambia kwamba Uislamu wake anaukubali, lakini ile mali yeye hana lolote nayo. Hadithi hii imo katika Bukhari. Na hao walikuwa watu wa vita na Waislamu! Itakuwaje kwa muuza programu ambaye hajakupiga vita?

Sasa njoo kwenye riziki yako, maana hapo ndipo penye uchungu. Wanazuoni wetu walizungumzia mtu aliyepora wavu wa mwenziwe akaenda kuvua. Samaki ni wa nani? Wakasema ni wa aliyevua, kwa sababu kazi ni yake, ila anadaiwa ujira wa wavu. Kadi zako ni samaki hao. Jicho ni lako, mkono ni wako, usiku uliokesha ni wako, na mteja alilipia kazi hiyo. Kwa hiyo usimwambie mkeo kwamba amelishwa haramu. Unadaiwa ujira wa wavu, nalo ni deni kama deni la dukani.

Filamu ni jambo jingine. Pale hukuvua chochote; umeuza samaki wa mwenzako. Ile shilingi 500 ni bei ya kazi ya mtu, na ikiwa filamu ni ya Kibongo, mtu huyo huenda anaishi Sinza au Kinondoni na bado anadaiwa na waigizaji wake. Acha leo. Unaowajua walipe au uwaombe wakusamehe. Usiowajua na huna njia ya kuwafikia, toa sadaka kwa niaba yao, kidogo kidogo kadiri ya uwezo wako.

Utasema ni dharura. Wapo wanazuoni walioruhusu nakala ya kujisomea tu kwa asiye na uwezo, lakini hawakuzungumzia biashara. Na hata mwenye njaa ya kufa akila chakula cha mtu, kanuni inasema dharura haibatilishi haki ya mwingine: anakula, kisha analipa. Wewe hata hapo hujafika, kwa kuwa zipo programu ambazo wenyewe wamezitoa bure kwa ridhaa yao. GIMP inahariri picha, Inkscape inachora kadi na nembo, LibreOffice inaandika barua. Mafaili yako ya zamani ya PSD, GIMP huyafungua mengi, ingawa maandishi na madoido mengine huweza kuharibika. Basi maliza kwanza oda ulizokwisha kuzipokea, na kila kadi mpya ianzie kwenye programu mpya. Wiki za mwanzo utakuwa mzito, nalielewa hilo.

Liko pia la wateja. Kreki nyingi hukutaka uzime antivairasi kwanza, na kompyuta hiyohiyo ina vyeti vya kuzaliwa na namba za NIDA za watu walioleta kuskani. Hiyo ni amana. Ukishahamisha kazi zako, piga fomati.

Deni la wavu liandike kwenye daftari. Siku mkono ukikunjuka, nunua leseni halali japo ya miezi michache kwa nia ya kulipa yaliyopita, hata kama hutaitumia.