Una mali ya milioni 100. Ndani ya wiki mbili utapata taslimu kiasi gani?

Ripoti ya mthamini wa nyumba ukiisoma hadi mwisho, mara nyingi utakuta bei mbili. Ya kwanza ni thamani ya soko, yaani kiasi ambacho nyumba ingeuzwa kama mwenyewe hana haraka na wanunuzi wamepewa muda wa kuja, kuangalia na kupatana. Ya pili ni thamani ya mauzo ya haraka, na hiyo huwa chini, aghalabu kwa robo au zaidi. Wenye nyumba huikariri ile ya kwanza. Sisi tuliokuwa upande wa mikopo tulianza kwa kusoma ile ya pili, maana ndiyo itakayopatikana mambo yakiharibika.

Zoea hilo nililihamishia kwenye mali zangu mwenyewe. Kila kitu nakiandikia bei mbili, na pembeni naandika siku zitakazopita hadi hela iingie kwenye akaunti. Kumpata mnunuzi nusu ya safari tu: bado kuna kukagua hati, kusaini, kulipa kodi na kusubiri benki. Tofauti ya zile bei mbili, ukiisoma pamoja na siku hizo, ndiyo inayokuonyesha hatari yako ya ukwasi, yaani ya kuwa na mali lakini kukosa taslimu siku unapoihitaji.

Nitaeleza kwa mfano wa mwenzangu mmoja wa kazini, kwa ruhusa yake, na tarakimu nimezirekebisha ziwe za mviringo. Sitaji sarafu kwa sababu hesabu ni ileile popote.

Kwenye karatasi dada huyu alikuwa na milioni 100. Nyumba anayoishi ilikuwa milioni 55, kiwanja milioni 18, amana ya muda maalumu benki milioni 8, gari milioni 7, hisa milioni 6, deni analomdai shemeji yake milioni 4, na akaunti ya akiba milioni 2. Hana mkopo wowote. Ungemwona ungesema huyu mambo yake yamenyooka, na yalikuwa yamenyooka kweli. Kisha akahitaji milioni 12 ndani ya siku 14 kwa matibabu ya mzazi wake.

Kaka yake alikuja na jibu tayari. "Uza kiwanja, dada. Kimekaa tu pale, hakikuingizii hata senti."

Ndilo jibu la watu wengi, na lina mantiki yake: kitu kisicho na kazi ndicho cha kwanza kuondoka. Lakini kwa haraka ile dalali alimletea mtu wa milioni 12, si 18. Hata huyo alitaka kuona hati yenye jina la muuzaji, na hati ilikuwa bado ina jina la mwenye shamba lililogawanywa. Kwa hiyo ndani ya wiki mbili thamani ya kiwanja kile ilikuwa sifuri. Kingechukua miezi, na milioni 6 zingeteketea juu yake. Nyumba nayo sifuri, kwa sababu hata kama mnunuzi yupo, yeye na watoto watalala wapi? Deni la shemeji sijui hata kwa nini watu huliandika kwenye orodha ya mali. Fedha ya kukopeshana kifamilia inarudi siku mdaiwa anapoweza, na siku unapobanwa wewe, mara nyingi naye amebanwa.

Gari linauzika. Wanaonunua magari kwa taslimu walimpa milioni 5 kwa lile la milioni 7, hela mkononi kesho yake. Lakini ndilo linalompeleka kazini na kumpeleka mgonjwa hospitali, tukaliweka pembeni kama la akiba ya mwisho.

Zikabaki akiba, amana na hisa, jumla milioni 16 kati ya 100. Hapo ndipo kuna mambo ambayo watu huyapita haraka, na ndipo pesa nyingi hupotelea.

Tuanze na amana. Ilikuwa ya miezi 12 kwa riba ya asilimia 9 kwa mwaka, na alikuwa ametimiza mwezi wa 5. Mkataba ulisema ukivunja kabla ya muda, unarudishiwa mtaji bila riba. Mikataba mingine inakulipa riba ya akaunti ya kawaida, mingine inataka notisi ya siku kadhaa, kwa hiyo soma wako leo, usisubiri siku ya shida. Akivunja, anapata milioni 8 zake na kupoteza riba ya miezi 5, kama laki 3.

Kuna njia ya pili ambayo mhudumu wa dirishani huenda asikutajie usipouliza: kukopa kwa dhamana ya amana hiyohiyo. Kwa benki huo ni mkopo usio na wasiwasi, hela yenyewe wameishika wao, ndiyo maana hutoka haraka na kwa riba iliyo juu kidogo tu ya ile ya amana. Yeye alipewa asilimia 90 ya amana, yaani milioni 7.2, kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka. Kwa miezi 7 iliyobaki, riba hiyo ni kama laki 5. Huku nyuma amana inaendelea kukua hadi mwisho na kuleta laki 7 na ushei, halafu mkopo unalipwa na amana yenyewe ikiiva. Kwa njia hii anabaki na laki 2 mkononi, wakati kwa kuvunja anabaki bila chochote juu ya mtaji.

Usilichukue hilo kama kanuni ya siku zote. Angekuwa mwezi wa kwanza tu, kuvunja kungempotezea kama elfu 60, lakini mkopo wa miezi 11 ungemgharimu karibu laki 8, zaidi ya riba yote ya amana. Hapo ni heri kuvunja. Kadiri amana inavyokaribia kuiva ndivyo kukopa kunavyozidi kuwa na maana. Chukua kikokotoo, linganisha riba utakayolipa na riba utakayookoa, basi.

Hisa ndizo zilizomshangaza zaidi. Alikuwa na hisa 6,000 za kampuni moja, na bei ya mwisho kwenye skrini ilikuwa 1,000 kwa kila hisa. Akazidisha, akapata milioni 6, akatulia. Nikamwomba amuulize dalali wake wa hisa swali moja: kwa siku ya kawaida, hisa ngapi za kampuni hii hubadilishana mikono? Jibu likaja kwamba ni kama 1,500.

Bei ya mwisho inakuambia mtu wa mwisho alinunua kwa kiasi gani. Haikuambii ni wangapi wengine wako tayari kununua kwa bei hiyo. Mimi hutumia kipimo cha moja ya tano: ukiuza zaidi ya sehemu hiyo ya mauzo ya kawaida ya siku, unaanza kuisukuma bei chini wewe mwenyewe. Kwa hisa zake hiyo ni 300 kwa siku, yaani siku 20 za soko ili aziuze zote, karibu mwezi mzima wa kalenda. Ndani ya siku zake 14 mna siku 10 za soko, na tatu za mwisho hazifai kuuzia kwa sababu hela ya hisa kwenye soko lake huingia siku ya tatu baada ya mauzo. Bila kuisukuma bei angeuza hisa kama 2,100 tu.

Hizo hazikutosha. Akiba milioni 2 na mkopo wa milioni 7.2 ni milioni 9.2, zikabaki milioni 2.8. Akauza hisa 3,000, nusu ya alizonazo, na wastani wa bei baada ya makato ukatoka kama 930 na kitu. Amepoteza laki 2 hivi. Akatimiza milioni 12, na hasara yote ikafidiwa na zile laki 2 zilizobaki kwenye amana. Linganisha na milioni 6 za kiwanja.

Hata hivyo sikuupenda mwisho wa hesabu ile. Akaunti ya akiba ilibaki tupu, na bili nyingine kubwa ingemkuta na gari na hisa zisizouzika upesi. Tungekuwa na siku 30 badala ya 14 ningemwambia aiachie akaunti hiyo angalau matumizi ya mwezi mmoja na auze hisa zaidi polepole.

Tarakimu zote hizo ni za siku ambayo shida ni ya mtu mmoja. Shida ikiwa ya wengi, safu ya bei ya haraka inashuka yenyewe, maana kila mwenye kiwanja anatafuta mnunuzi na wenye taslimu ni wachache. Hata ahadi ya maandishi inaweza kusimamishwa. Uingereza mwaka 2016, wiki chache baada ya kura ya kujitoa Umoja wa Ulaya, mifuko kadhaa mikubwa iliyowekeza kwenye majengo ilisitisha kuwalipa wawekezaji. Waliahidiwa kuweza kutoa hela siku yoyote ya kazi, lakini ndani ya mifuko mlikuwa na majengo, na jengo haliuzwi kwa siku moja. Ndiyo maana mfuko wowote unaosema unatoa hela siku yoyote, mimi huuliza kwanza umenunua nini.

Je, uweke mali yote kwenye akaunti ya akiba? Hapana. Mfumuko wa bei utaila taratibu, na kiwanja kikiuzwa bila haraka huweza kulipa vizuri sana. Mimi huangalia dharura kubwa ninayoweza kuifikiria kwa uhalisia, kisha nahakikisha jumla ya bei za haraka za vitu vinavyogeuka hela ndani ya siku 14 inaizidi, bila kugusa nyumba wala chombo cha kazi. Kinachozidi hapo kinaweza kukaa kwenye ardhi hata miaka 20.

Ukishaandika orodha yako, pitia na vizuizi vidogo visivyoonekana kwenye bei. Akaunti yenye saini mbili, na mwenye saini ya pili yuko safarini. Kitambulisho kilichokwisha muda. Kikomo cha kuhamisha hela kwa siku kwenye simu, ambacho dada huyu alikigundua wakati hela yote ipo na hospitali inasubiri. Ilibidi alipe kwa mafungu, siku tatu mfululizo.