Wali wa jana na sukari ya damu

Swali: Mama yangu ana kisukari cha aina ya pili na anameza metfomini na glibenklamaidi. Jirani yetu hapa Umoja amemwambia apike wali jioni, aulaze kwenye friji, aule kesho yake, eti hautampandisha sukari. Ni kweli? Akiupasha moto faida inabaki? Na viazi je?

Jibu: Jirani amesema jambo la kweli, ila amelitia chumvi. Wali uliolala kwenye friji bado hupandisha sukari. Kinachopungua ni ukubwa wa mpando wenyewe, na si sana.

Punje ya mchele imejaa wanga wa aina mbili: amilosi, ambayo ni minyororo mirefu iliyonyooka, na amilopektini, yenye matawi mengi. Mchele ukichemka, wanga hunywa maji, huvimba na mpangilio wake hulegea. Ndiyo maana wali laini unaotoka jikoni humeng'enywa haraka: vimeng'enya vya utumbo mwembamba hufika kila mahali. Wali ukipoa, minyororo ile hujipanga upya bega kwa bega na kujifunga katika fuwele ndogo ambazo vimeng'enya haviwezi kuzivunja vizuri. Huo ndio wanga sugu. Hupita utumbo mwembamba bila kugeuka sukari, kisha bakteria wa utumbo mpana huuchachusha. Kujipanga huko ndiko kunakoufanya ugali wa jana uwe mgumu na mkate ukauke hata ukiwa umefungwa vizuri.

Amilosi hujifunga ndani ya saa chache, amilopektini huchukua siku. Baridi ya friji, karibu nyuzi 4, huharakisha kazi hiyo kuliko joto la mezani. Utafiti wa Indonesia uliochapishwa mwaka 2015 ulipima wali mweupe kwa njia tatu. Uliotoka jikoni ulikuwa na gramu 0.64 za wanga sugu katika kila gramu 100. Uliopoa mezani kwa saa 10 ulikuwa na 1.30. Uliokaa saa 24 kwenye friji kisha ukapashwa moto ulikuwa na 1.65.

Kwa hiyo ndiyo, kupasha moto hakufuti faida yote. Fuwele za amilopektini huyeyuka kwa joto la kawaida la jikoni, lakini zile za amilosi huhitaji nyuzi 120 na zaidi, na hapa Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi kwa sababu ya mwinuko. Sufuria ya kawaida haitazifikia. Usiupashe tu kwenye sufuria ya presha, wala usiuchemshe upya kwa maji mengi hadi uwe bokoboko.

Sasa tuliweke hilo kwenye sahani ya mama. Tuseme anakula gramu 200 za wali, zinazotokana na gramu 70 hivi za mchele mkavu. Hapo pana gramu 56 hivi za wanga. Kwa vipimo vya Indonesia, kulaza wali kumeongeza wanga sugu kwa gramu 2. Zilizobaki, gramu zaidi ya 50, bado zitageuka sukari. Akipunguza wali kutoka gramu 200 hadi 150, ameondoa gramu 14 kwa mkupuo, hata kama wali ni wa saa hiyo hiyo.

Hata hivyo hesabu hiyo haimalizi habari. Katika utafiti huo huo, watu 15 wenye afya walikula wali wa saa hiyo, na siku nyingine wa friji uliopashwa. Mwitikio wa sukari kwa wali wa friji ulikuwa chini kwa asilimia 18 hivi, zaidi ya unavyotarajia kwa gramu mbili tu. Maelezo yanayoingia akilini ni kwamba hata wanga usiohesabiwa kuwa sugu umekazika kiasi, kwa hiyo unameng'enywa polepole. Ila hao hawakuwa na kisukari, na walikuwa wachache.

Watu wenye kisukari cha aina ya kwanza walijaribiwa Poland, matokeo yakatoka mwaka 2022. Kwa wali wa kiasi sawa, ule wa friji uliopashwa uliipandisha sukari yao kwa kiwango cha chini kuliko wali wa saa hiyo, lakini kwa kuwa kipimo cha insulini hakikubadilishwa, visa vya sukari kushuka mno viliongezeka. Hilo linamhusu mama yako, kwa sababu glibenklamaidi nayo hulazimisha kongosho kutoa insulini, chakula kiwe kimemeng'enywa au la. Akihisi kutetemeka, jasho jembamba au moyo kwenda mbio, apime. Ikiwa chini ya milimoli 3.9 kwa lita anywe maji yenye vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari, apime tena baada ya dakika 15. Metfomini peke yake haileti hofu hiyo mara nyingi. Asibadilishe dawa kwa sababu ya wali. Aulize kwanza kliniki yake.

Hatari kubwa ya wali kiporo iko kwingine kabisa. Kuna bakteria aitwaye Bacillus cereus ambaye mbegu zake hustahimili kuchemshwa. Wali ukiachwa kwenye sufuria usiku kucha, mbegu huchipua na kutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Kwa hiyo ile njia ya saa 10 mezani msiifuate. Wali ukiiva, autandaze kwenye sinia pana, unene usizidi vidole viwili, upoe hadi usitoe mvuke, kisha uingie kwenye friji ndani ya saa moja, umefunikwa. Uliwe kesho yake, upashwe mara moja tu hadi utoe mvuke hadi katikati. Kijiko kimoja cha maji na mfuniko vinatosha kuulainisha. Kama stima ilipotea usiku na friji ikapoteza baridi kwa saa kadhaa, mwageni. Harufu haitawaonya.

Viazi hufuata kanuni hiyo hiyo, ila kupasha moto huvigusa zaidi. Kipimo kimoja kilikuta gramu 3.1 za wanga sugu katika gramu 100 za viazi vya moto, 4.3 vikiwa baridi, na 3.5 vikipashwa baada ya kupoa. Vinavyofaa zaidi, basi, ni vya kuliwa baridi: vichemsheni vikiwa na maganda, vilazeni kwenye friji, vikateni na kachumbari yenye ndimu. Viazi vya aina ya Shangi huiva upesi na kupasuka, kwa hiyo vitoeni kisu kikianza kupenya. Na ni viazi vilivyopikwa vinavyoingia friji. Vibichi vikikaa kwenye baridi hugeuza sehemu ya wanga kuwa sukari, mkakosa mlichokitafuta.

Mama akitaka kujua kama mwili wake unaitikia, mashine yake ya kupima sukari itamwambia, mradi ajaribu kwa haki. Apime gramu 70 za mchele ule ule mkavu, kwa sababu wali ukilala na kupashwa hupoteza maji na uzito wa sahani hudanganya. Mboga na ndengu ziwe kiasi kile kile, saa ya kula na dawa zisibadilike. Apime kabla ya kula, saa moja baadaye na saa mbili baadaye, siku moja wali wa saa hiyo, siku nyingine wa friji, arudie jozi hiyo mara tatu au nne. Viwango vya kimataifa vinaruhusu mashine hizo kukosea kwa asilimia 15, maana yake 10 halisi inaweza kusomeka 8.5 au 11.5. Tofauti ya 0.6 iliyoonekana siku moja haina maana yoyote. Ikijirudia kila jozi kwa upande ule ule, anaweza kuanza kuiamini.