Maswali na majibu: Ukishachapisha kosa, liseme

Niliandika kwamba Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1991. Nikaambiwa ni 2001, nikabadilisha tarakimu. Bado kuna la kusema? (Mkomani, Lamu)

Lipo, tena kubwa. Makala yako yanadai Lamu iliutangulia Mji Mkongwe wa Zanzibar, nao uliingizwa mwaka 2000. Mwaka ukibadilika, dai hilo linaanguka, na wewe umeliacha palepale. Kabla ya kuandika sahihisho, soma makala yote uone kosa limezaa nini: kwenye kichwa, kwenye hesabu ya miaka, chini ya picha. Kisha uweke haya juu ya aya ya kwanza:

"Sahihisho, 12 Juni: Awali tuliandika kwamba Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1991. Mwaka sahihi ni 2001. Dai kwamba Lamu iliutangulia Mji Mkongwe wa Zanzibar halikuwa kweli, nalo limeondolewa."

Linakaa juu kwa sababu hoja yenyewe imeguswa. Kosa dogo la maelezo latosha kuandikiwa chini. Usiandike "makala yameboreshwa". Aliyesoma 1991 na kumweleza mwenzake hatajua kwamba anaambiwa yeye.

Herufi imeruka, nimeandika "Mokwe" badala ya Mokowe. Nako niweke maelezo? (Langoni, Lamu)

Hapana, rekebisha tu. Jina la mtu likikosewa, hapo weka.

Nimemtaja kijana asiyehusika kabisa katika kesi ya wizi. Nikilirudia jina lake kwenye sahihisho si nitamchafua tena? (Malindi)

Utamchafua. Kanuni za maadili ya uandishi wa habari za Kenya zilizowekwa katika Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013 zilitaka sahihisho litoe taarifa sahihi, na kosa lisirudiwe ila pale ambapo bila hivyo halitaeleweka. Mwaka wa Lamu ulihitaji kurudiwa. Jina hili halihitaji. Andika: "Awali tulimtaja mtu asiyehusika na kesi hii. Jina limeondolewa, naye tunamwomba radhi." Tazama na anwani ya ukurasa, maana mara nyingi hubeba maneno ya kichwa cha kwanza hata kichwa kikibadilishwa. Mpigie simu kijana leo hii, yeye au wazazi wake, kabla hawajasikia kwa jirani. Akitaka jina lake litajwe ili asafishwe waziwazi, mtimizie.

Nikifuta makala yote si yamekwisha? (Maweni, Malindi)

Swali hili sichoki kuletewa, na jibu ni lilelile: hayajakwisha. Waliosoma wanabaki na kosa, na sahihisho hawalioni popote.

Habari yenye kosa niliituma kwenye kundi la WhatsApp jana. Nifanyeje? (Shela, Lamu)

Muda wa kuhariri ujumbe ni dakika 15, umekwishapita. Ujibu ujumbe uleule ili kosa na sahihisho vionekane pamoja, kisha uwaombe waliousambaza wapeleke sahihisho kulekule walikoupeleka. Nakala zilizokwisha kusambazwa hazifutiki kwa kufuta yako.