Pengo la hisa mbili: siku rula iliponidanganya

"Wakuu, nina hisa mbili za kampuni zinazofanya biashara ileile, miaka yote zinapanda na kushuka pamoja. Sasa moja imepaa imemwacha mwenzake. Nikishoti iliyopaa nikanunua iliyobaki nyuma, si lazima pengo litarudi? Na likizidi kupanuka si ndo bei tamu zaidi, naongeza?"

Mkuu, hiyo "lazima" ndo iliyonila mimi. Na hiyo "naongeza" ndo iliyonimaliza. Ngoja nikupe tredi mbili za jozi moja, ya kwanza ilinipa hela na ya pili ikazichukua zote, halafu utajionea mwenyewe tofauti ilikuwa wapi. Kampuni sitazitaja, tuziite A na B, zote zinauza kitu kilekile kwa wateja walewale. Na kushoti ni kuuza hisa za kuazima ukitegemea uje kuzinunua kwa bei ya chini na kuzirudisha.

Kwanza kupima. Usipime pengo kwa kutoa bei moja kwenye nyingine, hiyo haikwambii kitu, hisa ya 60 na hisa ya 40 haziyumbi sawa. Mi nachukua bei za kufunga za kama siku 250 za soko, natafuta logi ya kila bei, halafu naiuliza kompyuta A inafuata B kwa kiasi gani:

```python
import numpy as np, statsmodels.api as sm
from statsmodels.tsa.stattools import coint
# bei: DataFrame ya pandas yenye bei za kufunga, safu A na B
a, b = np.log(bei["A"]), np.log(bei["B"])
m = sm.OLS(a, sm.add_constant(b)).fit()
print(m.params["B"], m.resid.std(), coint(a, b)[1])
```

Zinatoka namba tatu. Ya kwanza kwangu ilikuwa 0.8, maana yake B ikisogea asilimia 1, A kwa kawaida inasogea asilimia 0.8, kwa hiyo kila 10,000 ninayoshoti ya A naifunika kwa 8,000 ya B. Watu wengi wanaweka hela sawa pande zote, au vibaya zaidi idadi sawa ya hisa, halafu soko zima likipanda au likishuka wanashangaa wanapata hasara wakati pengo halijasogea. Ya pili ni kuyumba kwa kawaida kwa pengo, yaani A ilivyo mbali na pale B inaposema iwe, yangu ilikuwa 0.03, yaani asilimia 3. Ukigawa pengo la leo kwa hiyo 3 unapata ile z wanayoisema watu. Ya tatu ni kipimo cha kama pengo lina tabia ya kurudi kweli au hisa mbili zimeongozana tu kwa bahati, ikiwa chini ya 0.05 inatia moyo. Inatia moyo tu, maana ukipima jozi 100 zisizohusiana kabisa, kama 5 hivi zitafaulu kwa bahati nasibu, kwa hiyo usianze na kompyuta kutafuta jozi, anza na sababu ya kibiashara ya hizo mbili kufungana.

Tredi ya kwanza. A ilikuwa 62.50, B 40, pengo limepanuka asilimia 6.3, z ni 2.1. Nikashoti hisa 160 za A, hiyo ni 10,000, nikanunua hisa 200 za B, 8,000. Kwenye data za nyuma pengo lilikuwa linapungua nusu ndani ya siku kama 9, hiyo namba ikumbuke nitairudia. Baada ya siku 12 A imeshuka hadi 61.25, B imepanda hadi 41.50. Kwenye A nimepata 200, kwenye B 300, jumla 500. Ondoa komisheni mara nne (kufungua mbili, kufunga mbili), ondoa ada ya kuazima hisa za A kwa hizo siku 12, ikabaki kama 430. Nikajiona fundi.

Miezi kadhaa baadaye pengo limefunguka tena. A 66, B 40, z 2.2 kwa wastani uliopigwa upya. Nikaingia vilevile, hisa 150 za A, hisa 198 za B. Hapa ndo kosa la kwanza na sikuliona kabisa: sikuangalia ni nani aliyesogea. Kwenye tredi ya kwanza A ilikuwa imepanda kidogo na B imeshuka kidogo, hakuna habari yoyote, ni watu wananunua na kuuza tu. Safari hii B ilikuwa imelala palepale kwenye 40 na A ndo imepanda peke yake, tena kwa siku mbili zenye biashara nyingi kuliko kawaida, kwa sababu ilikuwa imetangaza mkataba wa miaka mingi na mteja mkubwa. Yani soko lilikuwa halijakosea. A ilikuwa imegeuka kampuni nyingine kidogo, na mi nilikuwa nabeti kwamba itarudi kuwa ile ya zamani.

A ikafika 67.80. z 3.1. Nikasema kama ulisemavyo wewe, bei tamu, nikaongeza hisa 150 za A na 203 za B.

Sasa sikiliza hii maana ndo sehemu sijaona watu wakiisema sana. Kwenye skrini yangu z nilikuwa naihesabu kwa dirisha linalotembea la siku 60, wastani na kuyumba vinapigwa upya kila siku. Pengo likakaa kwenye asilimia 9 hivi wiki baada ya wiki, halirudi, halisogei, ila z ikawa inashuka, 3.1, 2.6, 1.9, 1.4. Nikawa nafurahi kila asubuhi nikifungua, nikawaambia hadi jamaa zangu kwamba pengo linafunga. Ukiangalia akaunti hakuna hata senti iliyorudi. Kilichokuwa kinatokea ni kwamba siku za pengo pana zilikuwa zinaingia kwenye dirisha, za zamani zinatoka, kwa hiyo wastani wenyewe unapanda kulifuata pengo na kuyumba nako kunakua. Rula ndo ilikuwa inasogea, kitu kinachopimwa kimekaa palepale. Siku hizi nikifungua tredi naandika wastani na kuyumba vya siku ile kwenye karatasi na ndo natumia hivyo hadi nafunga, na z ikishuka huku hasara ipo palepale najua kabisa jozi imeshahama nyumba.

Mwisho wake haukuwa hata uamuzi wangu. A ikaanza kupanda tena, ada ya kuazima ikapanda maana kila mtu aliyekuwa na wazo kama langu alikuwa anazitaka hisa zilezile, halafu broka akaniambia mwenye hisa anazitaka zake, nina siku hiyohiyo ya kuzirudisha. Nikanunua A kwa 73.50, nikauza B kwa 39.50. Hesabu: zile 150 za kwanza hasara 1,125, zile 150 za kuongeza 855, B zote 401 hasara kama 200. Jumla kama 2,180 kabla ya gharama, yaani faida tano za aina ile ya kwanza. Kwa rula ya siku niliyoingia z ilikuwa imepita 6. Namba ambayo vitabuni wanakwambia haitokei.

Na usiseme labda nilichagua jozi mbovu. Kuna jozi moja ambayo ilikuwa imefungwa kwa mkataba kabisa, Royal Dutch na Shell Transport, kampuni mbili zilizomiliki kundi la mafuta la Shell. Hizo mbili ziligawana mapato ya kundi moja kwa 60 kwa 40, kwa hiyo kwa hesabu Royal Dutch yote ilitakiwa iwe na thamani mara moja na nusu ya Shell Transport yote, hakuna cha mkataba mpya na mteja wala nini, ng'ombe mmoja maziwa yaleyale. Bado bei zilikuwa zinaachana kwa miaka. Mwaka 1997 LTCM, mfuko wa uwekezaji wa Marekani uliokuwa ukitredi kwa mikopo mikubwa, ulikuta Royal Dutch imezidi kwa asilimia 8 hadi 10, ukashoti hiyo na kununua Shell Transport, dola bilioni 2.3 kwa jumla ya pande zote. Mwaka uliofuata Urusi ikashindwa kulipa madeni, mfuko ukabanwa kila upande, ukalazimika kufunga tredi wakati pengo limefika kama asilimia 20. Kampuni zenyewe zilikuja kuunganishwa 2005, hapo ndo hapakuwa tena na pengo la kubetia. Wale jamaa walikuwa sahihi kuhusu thamani, kilichowashinda ni muda wa kukaa ndani kwa hela za kukopa.

Kwa hiyo kwenye swali la kuongeza: mi siongezi tena kabisa. Kiasi naamua siku ya kwanza, na naamua nikijua kwamba pengo linaweza kuwa mara mbili ya nilipoingilia, nauliza je likifika huko akaunti itapumua au broka atanipigia kudai dhamana? Kama atanipigia, napunguza. Natoka kwa mambo matatu, lolote litakalotangulia: pengo likikaribia wastani (sisubiri sifuri, hicho kipande cha mwisho kinachelewa mno na ada inakula), z ya rula ya zamani ikifika 3.5, au muda. Muda ndo ile namba ya siku 9. Kama pengo lilikuwa linapungua nusu kwa siku 9, basi baada ya siku 27 lilitakiwa limebaki kama moja ya nane. Likiwa bado pana hivyohivyo siku ya 27, natoka hata kama sijui sababu, sababu nitaisoma baadaye nikiwa nje. Ile tredi ya pili kwa sheria hii ningetoka pengo likiwa kwenye asilimia 9, bila kuongeza, hasara kama 270 na gharama zake. Ingeuma siku moja tu.

Kitu kingine kabla hujabonyeza, muulize broka tarehe ya gawio la hiyo unayotaka kushoti. Ukiwa umeazima hisa siku ya gawio, wewe ndo unamlipa mwenye nayo, na nimeona mtu pengo limefunga vizuri kabisa halafu gawio likamla faida yote, naye akawa anagombana na broka kwamba kaibiwa. Muulize pia kama hisa zenyewe za kuazima zipo nyingi au ni za kubangaiza, maana za kubangaiza ndo zinazodaiwa ghafla.

Sasa hiyo jozi yako, fungua chati za hizo mbili moja juu ya nyingine kwa mwezi huu na uniambie iliyobaki nyuma imeshuka kidogo au imelala tu. Na siku ile iliyopaa kwa kasi, kulikuwa na tangazo gani?